Tiki moja: nilivyobaki na kilo 34 za sato huku nina wateja 412

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nasubiri basi linalotoka Mwanza. Kwenye buti lake kulikuwa na maboksi mawili ya sato, jumla kilo 60, yamejaa barafu, mdogo wangu kayazungushia selotepu kama mtu anayefunga jeraha. Kwenye simu yangu nilikuwa na majina ya wateja 412. Kwenye daftari nilikuwa na oda za kilo 26.

Nikajipa moyo. Nikasema tangazo nimelituma juzi WhatsApp, watu wameliona, wengine wanasubiri tu samaki wafike ndiyo wapige. Hawakupiga. Mpaka saa tisa mchana barafu ilikuwa maji, na nikaanza kuzunguka kwa mama lishe wa Tabata nikiwabembeleza wachukue kwa shilingi 9,000 kilo. Mimi kilo moja, na nauli ya basi na barafu, ilikuwa imenigharimu 9,500, na nilitegemea kuuza 13,000. Kilo 34 zikaondoka kwa hasara ya mia tano kila moja, na nikashukuru.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki iliyofuata mteja mmoja wa Kinyerezi, mama ambaye hachukui chini ya kilo nne, alinipigia akilalamika: "Mwanangu, siku hizi umeacha kuuza samaki? Mbona kimya?" Kimya? Mama mimi nimekutumia! Nikafungua mazungumzo yetu kumwonyesha ushahidi, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza kwa macho ya kuangalia. Tangazo langu lilikuwepo, lina kale kaalama ka kipaza sauti, na pembeni yake tiki moja ya kijivu. Lilitoka kwangu, kwake halikufika.

Nirudi nyuma kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa natuma picha ya samaki kwa kufowadi. Aliyefanya hivyo anajua adha yake: tangu 2019 WhatsApp inakuruhusu kufowadi kwa mazungumzo matano tu kwa mpigo, kwa hiyo wateja mia nne ni mara themanini za kuchagua watano watano, na ujumbe unaweza kufika umeandikwa juu kwamba umefowadiwa, kama ule wa "tuma kwa watu kumi upate baraka". Dada mmoja anayeuza vitenge akaniambia niachane na mateso hayo, nitumie brodikasti. Akanionyesha palepale: unagusa nukta tatu juu kulia, unachagua `New broadcast`, unatia tiki majina, unabonyeza alama ya vema, basi. Unaandika mara moja, kila mtu anapata kwake kama ujumbe wa kawaida. Haoni orodha, haoni wenzake, haoni kwamba yuko na watu wengine mia mbili. Akijibu, jibu linakuja kwako peke yako.

Orodha moja mwisho wake watu 256. Mimi nilipofika hapo simu ikagoma kuongeza, nikatengeneza ya pili yenye 156 waliobaki, nikaona nimemaliza kazi. Yule dada hakuniambia sharti moja, na sidhani kama alilijua: brodikasti inamfikia tu mtu ambaye yeye mwenyewe amehifadhi namba yako kwenye kitabu chake cha simu. Wewe kuwa na yake haitoshi. Ya kwako kwake ndiyo inayofungua mlango. Asipokuwa nayo, hapati kitu, na wewe hupewi taarifa yoyote ya kushindwa. Hakuna alama nyekundu, hakuna "imeshindikana". Ni tiki moja tu, na tiki moja kila mtu anaisoma kama "hana bando".

Ukikaa ukafikiri, sharti lina akili. Bila hilo, yeyote mwenye namba zangu angeweza kunimwagia matangazo ya dawa za nguvu za kiume asubuhi na jioni. Kumhifadhi mtu ni namna ya kumkaribisha. Ila kwa sisi wauzaji wadogo linauma pale ambapo hatukutegemea, kwa sababu mteja wa kweli, anayelipa, anayekupenda, mara nyingi hajakuhifadhi. Kwa nini akuhifadhi? Mazungumzo yenu yapo palepale, akikutaka anakutafuta kwa kushuka chini kidogo. Kwake wewe ni namba yenye picha ya samaki.

Siku ile baada ya kuongea na mama wa Kinyerezi nilifungua orodha zote mbili nikahesabu. Unaingia kwenye orodha yenyewe, unaushikilia ujumbe uliotuma, unafungua maelezo yake, unaona waliosoma chini ya `Read by` na waliopokea chini ya `Delivered to`. Asiyekuwa kwenye makundi hayo mawili hajapata. Orodha ya kwanza, kati ya 256, ilikuwa imefika kwa 97. Ya pili, kati ya 156, ilifika kwa 61. Jumla 158. Watu 254 nilikuwa naongea nao peke yangu kama kichaa.

Hapa mtu atasema: labda simu zao zilikuwa zimezimwa. Inawezekana, ndiyo maana usihesabu baada ya saa moja. Mimi sasa nasubiri siku mbili. Lakini ipo njia ya kutofautisha isiyodanganya. Chagua mmoja mwenye tiki moja, mwandikie yeye mwenyewe, nje ya orodha, neno la kawaida tu: "Habari za leo, dada." Ujumbe huo ukipata tiki mbili papo hapo huku tangazo lililo juu yake limebaki na moja, tatizo si bando wala simu. Hajakuhifadhi. Nilifanya hivyo kwa watu ishirini, kumi na saba wakapata tiki mbili kabla sijaweka simu chini.

Njia nyingine niliigundua baadaye, na hii ni ya bure zaidi kwa kuwa huhitaji kumsumbua mtu. Ni stetasi. Stetasi inaonekana tu pale nyote wawili mmehifadhiana. Mimi wateja wangu wote ninao kwenye kitabu, kwa hiyo yeyote ninayemwona kwenye orodha ya waliotazama stetasi yangu, huyo ananiweka. Kinyume chake si ushahidi, maana wapo wasiotazama stetasi kabisa, na wapo waliozima tiki za bluu ambao wanatazama bila jina kuonekana. Lakini wiki mbili za kuweka picha ya sato na kupitia majina ya watazamaji zilinipa kundi kubwa la watu ambao sikuwa na haja ya kuwauliza.

Waliobaki ilibidi niwaombe. Nilianza vibaya: nilituma "Naomba uhifadhi namba yangu", nukta. Wengi walijibu "sawa" na hawakufanya lolote. Mtanzania akisema sawa ujue mazungumzo yameisha. Nikabadilisha. Sasa ombi linakuja siku samaki wamefika mlangoni na mteja ameridhika, na linabeba sababu: "Bei ya kila Jumatano nawatumia walioniseivu tu, mfumo haupeleki kwa wengine. Niandike Sato wa Mwanza." Halafu palepale namtumia kadi ya mawasiliano yangu, ili asilazimike kunakili namba, agonge tu na kuhifadhi. Hilo jina la kuniandika nalo lina kazi. Akiniandika kwa jina langu la kwanza, baada ya miezi miwili anajiuliza huyu ni nani, anafuta. Akiniandika kwa samaki, siku akitamani samaki anaandika herufi tatu naibuka.

Katika kuuliza nikakutana na makosa ambayo nisingeyawaza. La kwanza lilikuwa langu. Nina laini mbili, moja ya WhatsApp na nyingine ya kupokelea hela. Wateja wengi walikuwa wamenihifadhi vizuri kabisa, na jina zuri, lakini kwa ile laini ya hela, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nawatumia wakati wa kulipa. Kwa brodikasti hiyo ni sawa na kutonihifadhi. Nilichofanya ni kuacha kutaja namba ya hela bila kuandika pembeni "hii ya malipo tu".

La pili lilikuwa la dada mmoja aliyeko Maskati, Mswahili wa Unguja, ambaye kila mwezi huniagiza nimpelekee mama yake samaki pale Kigamboni. Aliniapia amenihifadhi, na akanitumia picha ya skrini. Kweli, jina lipo, namba ipo, inaanza na sifuri saba. Lakini WhatsApp yake imesajiliwa kwa namba ya Oman, na namba isiyo na msimbo wa nchi simu inaichukulia kuwa ya Oman. Kwa WhatsApp yake, namba ile haikuwa mimi. Alipoifuta sifuri akaweka +255, tangazo la Jumatano iliyofuata likafika. Kama una wateja walioko nje, waambie wakuhifadhi na alama ya kujumlisha na msimbo, hata kama wanaona ni mbwembwe.

Baada ya miezi mitatu ya kuomba, kati ya wale 254, 88 walinihifadhi. Waliobaki niliwatoa. Iliniuma, mtu umezoea kujisifu una wateja mia nne, lakini namba ya kweli ilikuwa 246. Na angalia kichekesho chake: 246 wanaenea kwenye orodha moja. Ukomo wa 256 niliokuwa naulalamikia haukuwahi kunigusa.

Hata hivyo nimewagawa orodha nne, si kwa sababu ya ukomo, ni kwa sababu ya bodaboda. Tabata na Kinyerezi 94, Kimara na Mbezi 71, Tegeta na Mbezi Beach 52, Mbagala na Kigamboni 29. Kila njia ina siku yake na nauli yake, kwa hiyo ujumbe wa Mbagala una nauli ya Mbagala ndani yake, na mtu wa Tegeta hasomi habari zisizomhusu. Wauzaji wengine huwapanga kwa herufi au kwa tarehe waliyoanza kununua. Sioni faida yake. Panga kwa kitu kinachobadilisha maneno ya ujumbe. Kama maneno ni yaleyale, orodha moja inatosha.

Kuhusu maneno yenyewe, kuna jambo moja la kwetu ambalo maelekezo ya mtandaoni hayatakwambia. Brodikasti haiwezi kuweka jina la kila mtu, inapeleka maneno yaleyale kwa wote, lakini kila mmoja anayapokea kama ameandikiwa yeye. Sasa utaanzaje salamu? Kwenye orodha ya Tabata nina mzee mstaafu wa miaka sabini na nina kijana wa chuo. Wiki ya kwanza niliandika "Mambo vipi", na yule mzee hakujibu, ila mkewe alinipigia kuniuliza kama nyumbani kwetu ni salama. Wiki ya pili nikaandika "Shikamoo", na kijana wa chuo akajibu "marahaba" na vikatuni vya kucheka mpaka leo ananiita mjukuu. Nimekaa kwenye "Habari za jioni". Haimvunjii mtu heshima na haimpandishi mtu. Na siandiki "wateja wetu wapendwa", kwa sababu neno hilo la wingi ndilo linalomwambia mtu kwamba yuko kwenye foleni.

Gharama ya salamu ni kwamba inajibiwa. Jumatano saa mbili usiku natuma, na saa mbili na nusu nina majibu thelathini, kumi kati yake si oda: "Nzuri mwanangu, ila mguu bado unanisumbua." Huwezi kumjibu mtu huyo kwa bei ya samaki. Nimehamia WhatsApp Business kwa sababu ya lebo zake: aliyeagiza nampa lebo, aliyelipa nampa nyingine, na aliyenisimulia mguu namrudia nikishamaliza oda. Sharti la kuhifadhiwa lipo palepale hata kwenye Business, mtu asikudanganye. Ujumbe wa mabenki unaokufikia bila wewe kuwahifadhi unapita njia nyingine ya kulipia, si kwenye hizi orodha zetu.

Mtego mkubwa uko hapa: orodha inakaa katikati ya mazungumzo mengine kama mtu wa kawaida. Siku moja, nimechoka, nilitaka kumkumbusha mteja mmoja deni lake la kilo mbili. Nikaandika kwa upole wote, "Dada, ile elfu ishirini na sita vipi, maana na mimi nadaiwa Mwanza", nikatuma. Nilituma kwenye orodha ya Kimara. Nilipostuka wameshaanza kujibu. Wanne walikana deni kwa hasira. Mmoja aliomba radhi akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, na mpaka leo sijui alidhani ananidai nini au namdai nini, maana kwenye daftari langu hakuwa na kitu. Tangu hapo kila orodha nimeipa jina linaloanza na WOTE: WOTE TABATA, WOTE KIMARA. Herufi kubwa zinanishtua kidole.

Kuna jingine ambalo sikulifanya kwa uchovu, nililifanya kwa kutokujua. Mteja mmoja wa Mbezi alifiwa na mumewe siku ya Jumanne. Jumatano saa mbili usiku, wakiwa matangani, simu yake ikapokea kutoka kwangu picha ya sato watatu kwenye sinia na maneno "Karibu tena, wiki hii wakubwa". Nilijua msiba Alhamisi. Nilikwenda kumpa pole, hakusema kitu, lakini mimi nililiona. Orodha haijui habari za mtu. Sasa nikisikia mtu ana msiba au mgonjwa, nafungua orodha, nagusa jina lake juu, naingia kuhariri wapokeaji, namtoa. Kwenye daftari naandika tarehe ya kumrudisha, na siku ya kumrudisha namsalimia kwanza mwenyewe.

Na kwa kuwa mpokeaji hawezi kujitoa kwenye brodikasti kama anavyojitoa kwenye grupu, akichoka ana njia mbili tu: akufute au akubloku. Ya pili ni mbaya, na mbaya zaidi akikuripoti, kwa sababu akaunti ikiripotiwa na watu wengi inaweza kufungiwa, na namba yako ikifungiwa umepoteza duka. Ndiyo maana kila mwezi mara moja nafunga ujumbe kwa "Ukitaka nisikutumie tena, niandikie BASI tu, wala sitakasirika." Huwa wanaandika wawili watatu. Nawatoa siku hiyohiyo. Kuna jamaa walinishauri nitumie zile WhatsApp za kuunga unga zinazotuma kwa maelfu kwa mpigo. Hizo ndizo njia fupi ya kufungiwa. Pia nimewahi kuuziwa "namba elfu moja za wanawake wa Dar" kwa elfu kumi. Nikakataa, kwanza kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyenihifadhi, kwa hiyo ningekuwa nimenunua tiki moja moja elfu moja, na pili tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mara ngapi kwa wiki? Mimi mara moja. Samaki wakiisha situmi brodikasti ya "wameisha", hiyo naweka stetasi. WhatsApp yenyewe imekuwa ikijaribu kuweka kikomo cha matangazo kwa mwezi, kwa hiyo ukizoea kutuma kila siku utakuja kugonga ukuta, na hata usipougonga, watu watakuzima sauti.

Mpangilio wa wiki umegeuka. Natuma Jumatano usiku, mtu anayelipa nusu ndiye mwenye samaki, Alhamisi kabla basi halijaondoka nampigia mdogo wangu nampa kilo kamili. Wiki iliyopita zilikuwa 57. Alifunga 60, tatu za akiba kwa wanaochelewa, na zilikwenda kabla sijafika Ubungo.

Nilipoangalia maelezo ya ujumbe wa WOTE TABATA juzi, kati ya 94 ulikuwa umefika kwa 93. Aliyebaki ni wifi yangu. Ni mteja wa kilo tatu kila wiki, nimemtumia kadi mara nne, nimeishika simu yake mwenyewe sebuleni kwake nikamhifadhia, akabadilisha simu. Kila Jumatano nikimaliza kutuma kwa wote, namwandikia yeye peke yake.